Maelezo ya mwanga kwa chupa ya pafyumu: andika kioo kionyeshe nini

*"Mtaalam habari. Naandaa brifu ya katalogi ya pafyumu, picha kuu ni chupa ya kioo juu ya meza nyeusi inayoakisi. Kwenye sehemu ya mwanga niliandika 'mwanga laini, wa kifahari, wenye mng'ao' nikarudishiwa chupa imepauka, kingo hazionekani vizuri na begani kuna madoa meupe ya taa. Haya maelezo ya mwanga yanaandikwaje mpigapicha aelewe ninachotaka?"*

Salama ndugu. Mpigapicha wako alifanya ulichomwambia. Ulisema mwanga laini, akaleta softboksi kubwa, yaani boksi la taa lenye kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga, akaiweka mbele, na kwa nguo au kiatu ingetoka vizuri tu. Kioo ni habari nyingine. Kitambaa ukikimulika kinautawanya mwanga kila upande ndo maana unakiona, lakini kioo safi mwanga mwingi unapita moja kwa moja na kidogo tu kinarudi, kama asilimia 4 kwa kila uso pale mwanga unapogonga wima. Kwa iyo kwenye picha ya chupa unaona vitu viwili: kilichopo nyuma ukikitazama kupitia kioo, na kinachoakisiwa juu ya kioo. Ukiweka softboksi mbele, unachopata ni picha ya softboksi yenyewe imekaa juu ya chupa kama utando mweupe, na pale begani ambapo kioo kimepinda taa nzima inaonekana ndogo kama doa. Hayo ndo madoa yako.

Sasa kwenye brifu usiandike taa ziwe wapi, na usiandike hisia. Andika kila sehemu ya chupa ionyeshe nini: wapi pawe peusi, wapi pawe na mstari mweupe, mstari unaanzia wapi unaishia wapi, ni mkali au unafifia. Mpigapicha mzuri akisoma hivo anajua mwenyewe taa ikae wapi, na picha ikirudi mnakagua sentensi kwa sentensi bila kubishana kuhusu "kifahari" ni nini.

Uamuzi wa kwanza, na huu ndo unabeba mengine yote, ni kingo za chupa ziwe nyeupe au nyeusi. Ukiwa na mandharinyuma yenye mwanga, kingo za kioo zinatoka nyeusi kwa sababu pembeni kioo kinaupinda mwanga na kuchukua giza la pande. Ukiwa na mandharinyuma meusi na mwanga unatoka pembeni, kingo zinatoka nyeupe. Yote mawili ni sahihi ila usiyachanganye kwenye picha moja, yaani ukiomba mng'ao mkubwa nyuma ya chupa alafu hapo hapo ukaomba kingo nyeupe zinazong'aa, utapata kingo za kijivu zisizoeleweka. Wewe una meza nyeusi inayoakisi, mi nakushauri kingo nyeupe kwenye giza, na ntakuelezea kwa huo mpangilio.

Tuchukue chupa ya kawaida: ya mstatili, urefu sentimita 12 pamoja na kifuniko, kitako kinene cha kioo, kimiminika rangi ya asali, kifuniko cha chuma cha dhahabu, jina limechapwa kwa dhahabu usoni. Imekaa juu ya akriliki nyeusi, ile plastiki ngumu inayong'aa.

Sentensi ya kwanza ya maelezo iwe ya kingo. Mi ningeandika hivi: *"Kila ukingo wa wima uwe na mstari mmoja mweupe, mwembamba, ulionyooka, usiokatika toka begani mpaka kitakoni. Wa kushoto mkali, wa kulia hafifu zaidi. Uso wa mbele katikati ya mistari hiyo uakisi weusi tu, usionekane umbo la taa."* Mpigapicha akisoma hapo ataweka stripboksi mbili, zile nyembamba ndefu, pande mbili za chupa zikiwa zimesogea nyuma kidogo, na ataizungushia kamera vitambaa au kadi nyeusi ili uso wa mbele usiakisi ukuta, dari wala shati lake.

Neno "usiokatika" lina kazi kubwa pale na watu wengi wanalipuuza. Kamera ikiwa juu kidogo ya meza inaangalia chupa kwa kushuka, na kioo cha wima kinaendelea kuupeleka huo mtazamo chini vilevile, kwa iyo sehemu ya chini ya chupa haiakisi taa iliyo sawa nayo kwa urefu, inaakisi kitu kilicho chini zaidi. Kamera ikishuka kwa nyuzi 10 na taa ikiwa sentimita 30 kutoka kwenye chupa, mtazamo unakuwa umeshuka kama sentimita 5 ukifika kwenye taa. Maana yake sentimita 5 za mwisho za chupa zinaakisi meza, sio taa! Kama taa imening'inia juu ya meza, mstari wako utakatika juu ya kitako na chupa itaonekana imezama gizani. Dawa ni taa iguse usawa wa meza kabisa, ili picha yake ndani ya akriliki iungane nayo na mstari uendelee hadi chini. Utafifia kidogo huko chini kwa sababu akisi ya akriliki ni dhaifu kuliko taa yenyewe, ila hautakatika. Huna haja ya kuandika hesabu hii kwenye brifu, wewe andika usikatike mpaka kitakoni, yeye ataitafuta.

Sentensi ya pili ni ya kimiminika, na hapa ndo chupa nyingi zinakufa. Kwenye giza kimiminika cha rangi ya asali kinakuwa kahawia ya matope, kwa sababu nyuma yake hakuna mwanga wa kupita ndani yake. Kukimulika kwa mbele hakusaidii kitu, unarudisha ule utando mweupe tu. Njia inayotumika studio ni kukata kadi nyeupe au ya dhahabu kwa umbo la kimiminika, ndogo kidogo kuliko chupa ili isichungulie pembeni, inasimamishwa sentimita 2 au 3 nyuma ya chupa, inalala nyuma kidogo, alafu taa ndogo ya juu au ya pembeni inaigonga. Mwanga unaruka kwenye kadi unapita kwenye kimiminika unakuja kwenye kamera, na rangi inawaka kutoka ndani. Kadi ya dhahabu inaongeza joto la rangi, nyeupe inabakiza rangi halisi, na kwa katalogi mi nachagua nyeupe, mnunuzi asije akafungua boksi akakuta rangi tofauti na aliyoiona.

Kwenye brifu andika: *"Kimiminika kiwake kutoka ndani kwa rangi yake halisi, angavu zaidi katikati, kinazidi kuwa kizito kuelekea kingo na kitako. Chanzo cha mwanga huo kisionekane, wala kivuli au ukingo wa kadi."* Hilo la kuwa kizito kuelekea kingo lizingatie. Kikiwaka sawasawa kote chupa inakuwa bapa kama stika, jicho linajua unene wa kioo kwa kuona rangi ikibadilika.

Akisi nayo usiisahau. Ile chupa iliyogeuzwa ndani ya meza kamera inaiona kana kwamba inaitazama kwa chini kwenda juu, kwa iyo kadi ikiwa mbali sana nyuma, chupa ya juu itawaka alafu ya chini itakuwa na kimiminika cheusi. Ndo maana kadi inakaa karibu. Ukiona chupa inawaka na akisi yake haiwaki, kadi iko mbali au ni fupi, mwambie aisogeze.

Kifuniko ni chuma, na chuma kinaakisi kila kitu kilichokizunguka. Hapa unataka mwanga unaofifia polepole, sio mstari. *"Kifuniko kiwe na ukanda mmoja mpana wa mwanga upande wa kushoto, unaofifia taratibu kwenda kulia mpaka dhahabu ya giza, pasiwe na ukingo mkali wa taa."* Mpigapicha ataweka karatasi ya kutawanya mwanga, trasing au difyuza ya akriliki ya maziwa, kati ya taa na chupa, alafu atasogeza taa karibu au mbali na hiyo karatasi. Taa ikikaribia karatasi inachora kiini cheupe kinachokufa haraka pembeni, ikienda mbali karatasi nzima inawaka sawa na kifuniko kinapoteza umbo. Uzuri ni kwamba karatasi hiyohiyo, ikining'inizwa upande wa kushoto, inaweza kutoa ule mstari wa kushoto wa kioo kwa wakati mmoja.

Maandishi ya dhahabu usoni ni mtihani wake. Uso tumeutaka uakisi weusi tu, na dhahabu ikiakisi giza inakuwa giza, jina la bidhaa halisomeki. Mara nyingi inatatuliwa kwa picha ya pili: kamera haiguswi, chupa haiguswi, taa nyingine zinazimwa, kadi nyeupe inashikwa mbele na juu mpaka maandishi yawake, alafu yale maandishi peke yake yanachukuliwa na kuunganishwa kwenye Fotoshop. Ni kazi ya kawaida kabisa kwenye picha za bidhaa na kila taa inaweza kuwa na picha yake. Wewe andika tu kwamba maandishi yasomeke yote kwa dhahabu angavu wakati kioo kilichoyazunguka kinaendelea kuakisi weusi tu. Hiyo "wakati" ndo inamwambia kwamba unakubali picha za kuunganisha.

Sasa meza, sehemu ninayoipenda kuliko zote maana watu wanaielezea vibaya. Wanaandika "meza nyeusi yenye kung'aa" wakidhani rangi ya meza iko kwenye meza. Akriliki nyeusi ikitazamwa kwa kulala haina rangi yake, inaonyesha mandharinyuma yaliyogeuzwa. Ukitaka kujua meza itakuwaje kwenye picha, angalia ukuta wa nyuma. Nyuma kukiwa na mng'ao wa buluu, meza itakuwa na mng'ao wa buluu. Kwa iyo maelezo ya meza yanaandikwa pamoja na maelezo ya mandharinyuma, ni kitu kimoja.

Nguvu ya akisi unaiamua kwa urefu wa kamera. Kamera ikiwa nyuzi 30 juu ya usawa wa meza, akriliki inarudisha kama asilimia 9 tu ya mwanga. Ikishuka mpaka nyuzi 10 inarudisha kama asilimia 39, na kwenye nyuzi 5 inapita 60. Ukitaka akisi iliyo wazi lakini inayoiachia chupa halisi ukuu wake, nyuzi 10 kwenda juu kidogo ni pazuri. Kwa hiyo ukiandika "akisi iwe wazi lakini hafifu kuliko chupa, takriban theluthi ya mwanga wake", umeshampa urefu wa kamera bila kumwambia urefu wa kamera.

Shida inayokuja na hapo ni mstari wa upeo, pale meza inapoishia na ukuta unaanza. Hesabu ni rahisi: meza ikiishia sentimita 40 nyuma ya chupa na kamera ikishuka nyuzi 10, mstari unakatiza chupa kwenye sentimita 7 toka chini, yaani katikati ya kioo chako, unaonekana kupitia kimiminika na umepindapinda. Nyuzi 5 unashuka kwenye sentimita 3 na nusu. Unaweza kuuficha juu kwa meza ndefu: kwa nyuzi 10, meza ikienda sentimita 70 nyuma ya chupa, mstari unapita juu ya kifuniko na chupa yote inasimama juu ya weusi mmoja. Akriliki ndogo za kuuzwa kwa picha za vito hazitoshi kwa hili, na mteja akishangaa kwanini studio inataka kipande kikubwa kwa kitu cha sentimita 12, hiyo ndo sababu.

Ukitaka mng'ao kidogo nyuma ili picha isiwe shimo la giza, inawezekana, ila mng'ao ufe kabla ya kufika kwenye ule mstari. Sababu yake ni kwamba meza inarudisha sehemu tu ya mwanga wa ukuta. Pale zinapokutana, ukuta ukiwa mweusi akisi yake nayo ni nyeusi, mstari unapotea wenyewe. Ukuta ukiwa na mwanga pale pale kwenye mshono, meza itakuwa na mwanga pungufu na jicho litauona mkato mara moja hata ukiublua. Na mng'ao uwe mdogo, wa juu, usipite nyuma ya kingo za kioo, la sivyo tunarudi kwenye kingo za kijivu. Andika: *"Mandharinyuma meusi, mng'ao hafifu juu ya bega la chupa unaoisha kabisa kabla ya kufika meza. Mstari wa meza na ukuta usionekane."*

Taja pia aina ya meza, maana hapa jina la kitu linabadilisha picha. Kioo cha kujitazamia kinaakisi kwa mgongo wake, sio kwa uso, kwa iyo chupa haigusi akisi yake: panabaki pengo lenye upana unaotokana na unene wa kioo, na juu yake kuna akisi nyingine hafifu ya uso wa mbele. Kioo cha wazi kilichowekwa juu ya kitambaa cheusi nacho kinatoa akisi mbili, ya uso wa juu na ya uso wa chini. Akriliki nyeusi inaakisi kwa uso wa juu peke yake, chupa na akisi yake zinakutana kitakoni bila pengo. Ukiona kwenye picha kitako kina akisi yake mara mbili, kilitumika kioo. Ubaya wa akriliki ni mikwaruzo na vumbi, inavuta vumbi kwa umeme tuli, na kila chembe inawaka kama nyota kwenye ule mwanga wa pembeni. Ifutwe kwa kitambaa laini kabisa, ipulizwe, chupa ishikwe kwa glavu, alafu ndo picha ipigwe.

Usiombe polaraiza, kile kichujio cha lenzi cha kupunguza akisi, kwa kudhani itaondoa mng'ao mbaya. Kwenye kioo na akriliki inafanya kazi, tena sana kamera ikiwa karibu na nyuzi 34 juu ya meza, ila itakula na akisi uliyoiomba au mistari ya kingo, kutegemea imezungushwaje, na kwenye chuma cha kifuniko haisaidii kitu kwa mwanga wa kawaida wa taa. Mng'ao mbaya unaondolewa kwa kuhamisha taa au kuweka kadi nyeusi mahali kioo kinapoangalia.

Namba moja mbili za kukagulia ziweke mwishoni, za kwenye skrini, kwa kipimo cha 0 mpaka 255. Mistari ya kingo ikae 230 hadi 245, ikifika 255 imeungua na haina tena umbo. Uso wa mbele wa kioo, pale pasipo na kimiminika kinachowaka, ukae chini ya 20. Ukisoma 40 au 50 pale, kuna kitu cheupe mbele kinaakisiwa, mara nyingi ni dari au mtu mwenyewe aliyesimama karibu na kamera. Ukali wa picha omba chupa yote toka maandishi mpaka kingo za nyuma, kwa lenzi ya makro ya milimita 100 kawaida tundu la lenzi ni f/11 mpaka f/16, na ukibana sana kupita hapo mwanga unajipinda kwenye tundu na picha nzima inalegea.

Ukizikusanya zile sentensi unapata aya moja, haizidi nusu ukurasa:

*"Chupa juu ya akriliki nyeusi, kingo nyeupe kwenye giza. Kila ukingo wa wima una mstari mmoja mweupe mwembamba usiokatika toka bega hadi kitako, wa kushoto mkali, wa kulia hafifu zaidi. Uso wa mbele unaakisi weusi tu bila umbo la taa. Kimiminika kinawaka kutoka ndani kwa rangi yake halisi, angavu katikati na kizito kuelekea kingo na kitako, chanzo hakionekani. Kifuniko kina ukanda mmoja mpana kushoto unaofifia kwenda kulia bila ukingo mkali. Maandishi ya dhahabu yanasomeka yote wakati kioo kilichoyazunguka kinaakisi weusi tu. Akisi iko wazi, haijarudufiwa, inakutana na kitako, mwanga wake takriban theluthi ya chupa, na kimiminika chake nacho kinawaka. Mandharinyuma meusi, mng'ao hafifu juu ya bega unaoisha kabla ya meza, mstari wa upeo hauonekani."*

Mpe hiyo na umwombe picha ya majaribio kabla hajaanza kusafisha vumbi kwenye Fotoshop, maana akishasafisha hatapenda kurudia. Ikija, usiangalie picha nzima kwanza. Kuza uone ukingo wa kushoto, ufuate na jicho toka begani ushuke mpaka kitakoni, uvuke uingie kwenye akisi. Mstari ukivuka pale bila kukatika, mengi ya kwenye ile aya yatakuwa yamekaa sawa. Ukikatika kabla ya kitako, mwambie ashushe taa mpaka mezani ndo mjadili mengine.